Jibu bovu lililopita na jibu sahihi lililokataliwa: kisa cha x³ + y³ = 9xy

Zoezi lilikuwa la mstari mmoja. Mkunjo una mlinganyo x³ + y³ = 9xy; tafuta dy/dx. Ni swali la kawaida la kidato cha sita, la zile hesabu ambazo y haikuwekwa peke yake upande mmoja, imejificha pamoja na x ndani ya mlinganyo, na mtu analazimika kutafuta mteremko bila kuifukua kwanza. Kikundi cha twisheni kililifanya, na majibu mawili yakazua ubishi.

Kijana mmoja aliandika:

dy/dx = (3x − x²) / (y² − 3y)

Binti aliyekaa benchi la mbele akaandika kitu ambacho hakifanani hata kidogo na hicho:

dy/dx = y(y³ − 2x³) / (x(2y³ − x³))

Wote wawili walikuwa wamefundishwa kuhakiki majibu yao, yaani kuchukua nukta, kuingiza x na y kwenye jibu, na kuona kama mteremko unaotoka unaingia akilini. Kijana alichukua nukta (4.5, 4.5). Akapata −1, na grafu aliyoichora ilionyesha mkunjo ukiteremka pale kwa nyuzi 45 kabisa. "Mwalimu, nimelipima, limekubali," akasema, na aliyekuwa akisahihisha akampa alama zake. Jibu la binti lilipimwa na wenzake kwa nukta (1, 2), kwa sababu namba ndogo ni rahisi. Walilinganisha na jibu lililokuwa kwenye karatasi ya majibu. Karatasi ilitoa 5, jibu la binti likatoa 4/5. Likawekewa kosa.

Sasa ukweli ni kwamba jibu la kijana ni bovu, na la binti ni sahihi kabisa. Hakuna aliyekosea kuingiza namba. Kipimo ndicho kilichofanywa mahali pasipofaa, mara mbili, kwa namna mbili tofauti. Ndiyo maana kisa hiki nakiona kinafaa kuchambuliwa kwa kirefu.

Tuanze na kazi yenyewe. Ukitembea juu ya mkunjo, x ikisogea kidogo na y nayo inasogea. Kwa hiyo kila y unayoigusa inaacha nyuma yake dy/dx. Kipeo cha tatu cha x kinatoa 3x². Kipeo cha tatu cha y kinatoa 3y² · dy/dx. Upande wa kulia kuna x na y zilizozidishana, na hapo kila moja inapata zamu yake: kwanza x inabadilika huku y imetulia, tunapata 9y, kisha y inabadilika huku x imetulia, tunapata 9x · dy/dx. Tukiweka pamoja:

3x² + 3y² · dy/dx = 9y + 9x · dy/dx

Kusanya vyenye dy/dx upande mmoja, gawanya kwa 3, na jibu ni:

dy/dx = (3y − x²) / (y² − 3x)

Hili ndilo lililokuwa kwenye karatasi ya majibu. Liangalie sambamba na la kijana. Mahali penye 3y yeye ana 3x, na mahali penye 3x ana 3y. Daftari lake lilionyesha wazi jambo lilipoharibikia: kwenye 9xy aliandika 9x + 9y · dy/dx. Alijua kwamba kuna zamu mbili, alijua moja ya zamu hizo inabeba dy/dx, lakini akaibandika dy/dx kwenye y iliyobaki, wakati ilipaswa kuzaliwa na y iliyobadilika. Ni kosa la mtu aliyeelewa robo tatu ya kanuni, na kwangu mimi hilo ni baya kuliko la asiyeelewa kitu, kwa sababu linafanana mno na jibu halisi. Aliyesahau kabisa zamu moja anapata kitu kinachoonekana kimepogoka. Huyu alipata kitu kilichonyooka na chenye sura nzuri.

Kwa nini basi (4.5, 4.5) haikulikamata? Kwanza hakikisha nukta iko juu ya mkunjo: 4.5³ ni 91.125, mara mbili ni 182.25, na 9 × 4.5 × 4.5 ni 182.25 pia. Ipo. Kwa hiyo kijana alitimiza sharti la kwanza, ambalo wengi hawalitimizi. Tatizo ni kwamba katika nukta hiyo x na y ni namba ileile. Kosa lake lote lilikuwa kubadilishana x na y. Ukimpima mtu aliyechanganya mapacha mahali ambapo mapacha wamevaa sare moja, utamkamataje?

Kuna jambo la ndani zaidi. Mlinganyo x³ + y³ = 9xy haubadiliki ukigeuza x kuwa y na y kuwa x. Maana yake mkunjo wote ni taswira ya kioo kwenye mstari y = x: ukiikunja karatasi kwenye mstari huo, nusu moja inalalia nyingine. Nukta (4.5, 4.5) iko juu ya mkunjo na juu ya mstari wa kioo kwa pamoja, ni ncha ya kitanzi. Tanjenti ya pale lazima ijilalie yenyewe karatasi inapokunjwa, na hilo linawezekana kwa namna mbili tu: ama ilale juu ya mstari wa kioo wenyewe, mteremko uwe 1, ama iukate kwa pembe mraba, mteremko uwe −1. Ukitazama grafu unajua ni ya pili. Kwa hiyo −1 ilijulikana kabla hatujaanza kutofautisha chochote. Kipimo kilichothibitisha −1 kilithibitisha kwamba jibu linaheshimu kioo, basi. Mteremko wa duara lenye kitovu kwenye makutano ya mihimili, yaani −x/y, nao unatoa −1 ukiuingiza (4.5, 4.5), na hakuna atakayesema huo ni mteremko wa mkunjo wetu.

Namba 0 na 1 zina upofu wa aina yao. Palipo na x = 1, huwezi kutofautisha x na x² wala x³; aliyesahau kupunguza kipeo anapita salama. Palipo na sifuri, kipande kizima cha jibu kinafutika na makosa yake yanafutika nacho. Nukta nzuri ya kupimia ni ile isiyo na sifa yoyote: x na y zinatofautiana, hakuna iliyo 0 wala 1, na moja si hasi ya nyingine.

Tuhamie kwa binti, ambaye kisa chake kinanivutia zaidi. Yeye hakuanza na mlinganyo kama ulivyo. Aligawanya pande zote kwa xy kwanza, ili upande wa kulia ibaki 9 peke yake:

x²/y + y²/x = 9

Hii inaruhusiwa kila mahali isipokuwa pale xy ni sifuri, na kwenye mkunjo huu xy ni sifuri katika nukta moja tu, (0, 0). Kisha akatofautisha. Namba 9 haibadiliki, kwa hiyo kulia panabaki sifuri:

2x/y − (x²/y²) · dy/dx + (2y/x) · dy/dx − y²/x² = 0

Akazidisha vyote kwa x²y² kuondoa sehemu, akakusanya, akapata jibu lake. Kila hatua ni halali. Basi imekuwaje (1, 2) itoe 5 kwa jibu moja na 4/5 kwa jingine?

Ingiza (1, 2) kwenye mlinganyo wenyewe. Kushoto, 1 + 8 ni 9. Kulia, 9 × 1 × 2 ni 18. Nukta hiyo haiko juu ya mkunjo. Tuliuliza mteremko wa barabara mahali ambapo barabara haipiti.

Wanafunzi wengi wakifika hapa hutikisa kichwa na kusema sawa, lakini wanabaki na swali, nalo ni swali la haki: kama majibu yote mawili ni sahihi, si yangepaswa kuwa kitu kimoja popote pale? Hapana. Haya majibu yana x na y ndani yake, na usahihi wake unategemea x na y zifungwe na mlinganyo. Tazama jinsi yanavyogeuka kuwa kitu kimoja pale tu mlinganyo unapotumika. Juu ya mkunjo, 9xy ni sawa na x³ + y³, kwa hiyo 3y inaweza kuandikwa (x³ + y³)/(3x). Weka hiyo kwenye kiasi cha jibu la karatasi:

3y − x² = (y³ − 2x³) / (3x)

Na 3x nayo ni (x³ + y³)/(3y), kwa hiyo asili inakuwa:

y² − 3x = (2y³ − x³) / (3y)

Gawanya ya juu kwa ya chini, na unapata jibu la binti, herufi kwa herufi. Lakini tulitumia mlinganyo mara mbili njiani. Mahali ambapo mlinganyo si kweli, hatuna ruhusa hiyo, na majibu mawili yanaachana kila moja na njia yake.

Na kila moja linakwenda wapi? Hapa ndipo pana utamu. Jibu la karatasi, likiulizwa kuhusu (1, 2), halikosi la kusema. Linatoa mteremko wa mkunjo jirani. Tulipotofautisha x³ + y³ − 9xy = 0, hiyo sifuri ingekuwa namba nyingine yoyote isiyobadilika tungepata jibu lilelile. Katika (1, 2), x³ + y³ − 9xy ni 9 − 18, yaani −9. Kwa hiyo ile 5 ni mteremko halali kabisa wa mkunjo x³ + y³ − 9xy = −9. Jibu la binti nalo lina majirani zake. Yeye alitofautisha (x³ + y³)/(xy) = 9, na ile 9 ingekuwa namba nyingine jibu lisingebadilika. Katika (1, 2), (x³ + y³)/(xy) ni 9/2. Kwa hiyo 4/5 yake ni mteremko halali wa mkunjo x³ + y³ = 4.5xy. Mikunjo miwili tofauti inayopita nukta moja, miteremko miwili tofauti, na hakuna hata mmoja unaohusiana na swali. Waliomwekea kosa walikuwa wanalinganisha majirani wa ukoo huu na majirani wa ukoo ule.

Hii ndiyo sababu sharti la nukta kuwa juu ya mkunjo haliwezi kulegezwa hata kwa kisingizio kwamba "tunalinganisha majibu tu." Nukta iliyo nje inaweza kulikataa jibu sahihi, kama ilivyotokea. Inaweza pia kuyafanya majibu mawili yasiyolingana yaonekane yanalingana. Kabla ya kugusa dy/dx, ingiza nukta kwenye mlinganyo wa asili na uone kushoto kunalingana na kulia. Ni sekunde kumi za kazi, na katika madaftari ninayoyaona karibu hakuna anayeiandika.

Basi nukta nzuri inatoka wapi? Kubahatisha x = 1, x = 2 na kutafuta y kunakupeleka kwenye mlinganyo wa kipeo cha tatu, ambao hakuna anayependa kuutatua kwa mkono. Kwa mkunjo huu kuna njia ya mkato: amua uwiano wa y na x kabla. Sema y = tx. Mlinganyo unakuwa x³(1 + t³) = 9tx², na ukigawanya kwa x² unapata

x = 9t / (1 + t³)

Chukua t = 2. Chini ni 9, juu ni 18, kwa hiyo x = 2 na y = 4. Hakiki: 8 + 64 ni 72, na 9 × 2 × 4 ni 72. Nukta (2, 4) iko juu ya mkunjo, haiko kwenye kioo, haina 0 wala 1. Ndiyo tunayoitaka.

Jibu la karatasi: (12 − 4)/(16 − 6), yaani 8/10, yaani 4/5. La binti: 4 × (64 − 16) ni 192, chini 2 × (128 − 8) ni 240, na 192/240 ni 4/5. La kijana: (6 − 4)/(16 − 12), yaani 1/2. Mstari mmoja wa hesabu umeondoa ubishi uliochukua nusu saa.

Lakini ngoja. Katika chumba cha mtihani hakuna karatasi ya majibu. Kijana angepata 1/2 na asingekuwa na cha kulinganisha nacho. Grafu ya mkono haitofautishi 0.5 na 0.8 kwa uhakika. Kipimo kinataka shahidi ambaye hakutumia kanuni za kutofautisha hata kidogo, na shahidi huyo yupo: ni mlinganyo wenyewe.

Simama kwenye (2, 4). Kama mteremko ni kweli 0.8, basi ukisogea kulia kwa 0.01 unapaswa kupanda kwa karibu 0.008 na bado uwe karibu kabisa juu ya mkunjo. Nenda hadi (2.01, 4.008) ukokotoe x³ + y³ − 9xy kwa kalkuleta. Juu ya mkunjo ingekuwa sifuri. Inatoka 0.00065. Sasa jaribu mteremko wa kijana: 0.01 kulia, 0.005 juu, nukta (2.01, 4.005). Inatoka −0.08955. Ya pili imeuacha mkunjo mara mia na zaidi kuliko ya kwanza.

Mtu anaweza kuuliza, 0.00065 nayo si sifuri, nitajuaje kwamba ni ndogo kiasi cha kutosha? Usiitazame peke yake. Punguza hatua mara kumi, iwe 0.001, na uone mabaki yanapungua mara ngapi. Kwa mteremko 0.8 unakwenda (2.001, 4.0008), na mabaki yanakuwa 0.0000065, yamepungua mara mia. Kwa mteremko 0.5 unakwenda (2.001, 4.0005), na mabaki yanakuwa −0.0089955, yamepungua mara kumi tu. Hiyo ndiyo alama ya kuutambua mteremko wa kweli. Tanjenti ya kweli inaambatana na mkunjo, kwa hiyo inaachana nao kwa kiasi kinachofuata mraba wa hatua. Mstari wowote mwingine unaukata mkunjo, na unaachana nao sawasawa na hatua. Mara mia, mteremko umepata; mara kumi, umekosa. Usishuke sana, lakini. Ukifika hatua ya 0.000001 kalkuleta ya kawaida itakuwa inapunguza namba kubwa kutoka kwa nyingine inayokaribiana nayo na kubakiza takataka za tarakimu za mwisho, na utajilaumu bure.

Wanaopendelea njia ya nukta mbili, yaani kutafuta y kwa x = 1.99 na x = 2.01 kisha kugawanya tofauti, nao watafika. Y zinazotoka ni karibu 3.991978 na 4.007978, tofauti ni 0.016000, na ukigawanya kwa 0.02 ni 0.8. Ila njia hii inadai utatue mlinganyo wa kipeo cha tatu mara mbili, na ina mtego. Kwa x = 2 hakuna y moja; kuna tatu. Mlinganyo y³ − 18y + 8 = 0 una jibu 4, na ukigawanya kwa y − 4 unabaki na y² + 4y − 2 = 0, ambayo inatoa y karibu 0.449 na karibu −4.449. Mstari wima wa x = 2 unakikata kitanzi juu na chini, kisha unaukata mkia ulio chini ya mhimili. Kalkuleta ikiachiwa ianze kutafuta kutoka sifuri, itakupeleka kwenye 0.449, na mteremko wa pale ni karibu 0.457. Mwanafunzi mwenye jibu sahihi ataona 0.8 na 0.457 na kudhani amekosea. Nukta ni jozi. Kusema "nilipima kwenye x = 2" hakutoshi.

Mtego huohuo, hata hivyo, unatupa hakikisho jingine zuri, na hili sikulitoa darasani ila kwa wale wawili walipobaki. Kwa x yoyote, zile y tatu ni majibu ya y³ − 9xy + x³ = 0, mlinganyo usio na y². Kila mlinganyo wa namna hiyo majibu yake yakijumlishwa yanatoa sifuri. Jaribu: 4 + 0.449 − 4.449. Kama jumla ya y tatu ni sifuri siku zote, haibadiliki x inaposogea, basi jumla ya miteremko mitatu nayo lazima iwe sifuri. Jibu sahihi linatoa 0.8, 0.457 na −1.257, na jumla ni sifuri kama inavyotakiwa. Jibu la kijana linatoa 0.5, −1.745 na 0.060, jumla karibu −1.18. Limeanguka bila hatua ndogo wala karatasi ya majibu. Binti aliuliza kama hila hii inafanya kazi kwa mkunjo wowote. Haifanyi, inahitaji jumla ya y ijulikane kutoka kwenye mlinganyo, na kwa wenye sini au logi ndani yake usahau.

Mkunjo huu si wa jana. Unaitwa jani la Descartes, kwa sababu ya kitanzi chake. Mwaka 1638 René Descartes aliutoa kama changamoto kwa Pierre de Fermat, aliyekuwa akidai ana njia ya kupata tanjenti ya mkunjo wowote, na Fermat akaipata tanjenti yake. Newton hakuwa amezaliwa bado. Descartes mwenyewe alilipata umbo vizuri katika robo yenye x na y chanya, lakini akadhani jani hilo linajirudia katika robo zote nne kama petali za ua. Nukta moja ingetosha kuonyesha kwamba sivyo: (−2, 4) inatoa 56 kushoto na −72 kulia. Kwa kweli robo ya kushoto chini haina kitu kabisa, maana pale kushoto kwa mlinganyo ni hasi na kulia ni chanya. Mikia miwili inatoka (0, 0), mmoja kwenda kushoto juu na mwingine kulia chini, ikiusogelea mstari x + y = −3 bila kuufikia.

Na hiyo (0, 0) ndiyo nukta ya mwisho ya kuonya. Iko juu ya mkunjo bila shaka yoyote, na ndiyo rahisi kuliko zote, kwa hiyo kila darasa lina mtu wa kuijaribu. Jibu la karatasi linatoa 0/0. La binti 0/0. La kijana pia 0/0. Mkunjo unajikata pale, na una tanjenti mbili kwa wakati mmoja, mhimili wa x na mhimili wa y. Hakuna namba moja ambayo dy/dx ingeweza kuitaja. Anayepata 0/0 hajakosea na hajapatia. Hajapima. Ni tofauti na kupata sifuri chini peke yake, kama inavyotokea karibu na (4.762, 3.780), ambako y² ni sawa na 3x huku juu hapana sifuri. Pale kitanzi kimefika mwisho wake wa kulia na tanjenti imesimama wima, na kalkuleta ikikuandikia kosa, kosa hilo ndilo jibu.

Kijana alirudi kwenye (4, 2), ambayo ni (2, 4) iliyogeuzwa, akitumia jibu lililorekebishwa. Alipata 5/4 na akauliza kama ni bahati kwamba ni 4/5 iliyopinduliwa. Nilimwambia aikunje karatasi.